Riba ya kawaida na riba ya limbikizo: jinsi ya kuzikokotoa na kuzitofautisha kwa akiba ya shilingi 100,000

Weka shilingi 100,000 kwenye akaunti mbili, zote kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, uziache miaka 5 bila kuzigusa. Akaunti moja itakupa 150,000, nyingine 161,051. Kiwango ni kile kile, muda ni ule ule, na fedha ya mwanzo ni ile ile. Kinachotofautisha ni jambo moja tu: riba ya kila mwaka ikishahesabiwa, inapelekwa wapi?

Kwenye riba ya kawaida, riba hukaa pembeni. Unaweza kupewa mkononi, ikawekwa kwenye akaunti nyingine, au ikasubiri hadi mwisho, lakini haiingii katika fedha inayotumika kuhesabia riba inayofuata. Kwenye riba ya limbikizo, ambayo wengi huiita tu riba juu ya riba, riba ya kila kipindi huongezwa kwenye salio, na kuanzia hapo nayo huzaa. Mambo mengine yote katika mwongozo huu yanatokana na tofauti hiyo.

Tumechagua asilimia 10 kwa sababu ni rahisi kuifuata hata kwa kichwa. Kiwango chako kikiwa kingine, hatua hazibadiliki.

Hatua ya 1: Kusanya vitu vinne kabla ya kugusa kikokotoo

Unahitaji fedha ya mwanzo, kiwango cha riba, muda, na mara ngapi riba huingizwa kwenye salio. Vitatu vya kwanza kila mtu huviuliza. Cha nne husahaulika, na ndicho kinachoamua unatumia kanuni ipi. Kama riba haiingizwi kabisa kwenye salio, hiyo ni riba ya kawaida. Kama huingizwa mara moja kwa mwaka, kipindi chako ni mwaka. Ikiingizwa kila mwezi, kipindi ni mwezi, na miaka 5 inakuwa vipindi 60.

Badili kiwango kiwe desimali kwa kukigawanya kwa 100. Asilimia 10 ni 0.10. Asilimia 7.5 ni 0.075. Halafu hakikisha kiwango na kipindi vinalingana: kipindi kikiwa mwezi, kiwango cha mwaka kigawanywe kwa 12 kwanza.

Hatua ya 2: Kokotoa riba ya kawaida

Zidisha fedha ya mwanzo kwa kiwango upate riba ya mwaka mmoja: 100,000 × 0.10 = 10,000. Zidisha kwa idadi ya miaka: 10,000 × 5 = 50,000. Ongeza fedha ya mwanzo, jumla 150,000.

Hapa hakuna cha kushangaza. Kila mwaka unaleta 10,000 ile ile, kwa sababu riba huhesabiwa juu ya 100,000 ile ile. Mwaka wa tano haujui kwamba kulikuwa na mwaka wa kwanza.

Hatua ya 3: Kokotoa riba ya limbikizo, mwaka kwa mwaka

Mara ya kwanza usikimbilie kanuni. Andika mstari mmoja kwa kila mwaka. Salio la mwisho wa mwaka mmoja ndilo salio la kuanzia la mwaka unaofuata. Ukilinakili vibaya mara moja, mistari yote ya chini yake inaharibika.

| Mwaka | Salio la kuanzia | Riba ya mwaka | Salio la mwisho, limbikizo | Salio la mwisho, kawaida |
|---|---|---|---|---|
| 1 | 100,000 | 10,000 | 110,000 | 110,000 |
| 2 | 110,000 | 11,000 | 121,000 | 120,000 |
| 3 | 121,000 | 12,100 | 133,100 | 130,000 |
| 4 | 133,100 | 13,310 | 146,410 | 140,000 |
| 5 | 146,410 | 14,641 | 161,051 | 150,000 |

Tazama mstari wa kwanza. Mwaka wa 1 akaunti zote mbili zina 110,000, kwa hiyo anayeweka amana ya mwaka mmoja, riba ikilipwa mara moja mwishoni, hana sababu ya kuuliza ni riba ya aina gani. Tofauti huanza pale tu riba ya kwanza inapopata nafasi ya kuzaa, yaani kuanzia mwaka wa pili, nayo huanza kidogo sana: 1,000 tu.

Ukishaelewa jedwali, kanuni ni ufupisho wake. Kuongeza asilimia 10 ni sawa na kuzidisha kwa 1.10, na tumefanya hivyo mara tano mfululizo. Tukiita fedha ya mwanzo P, kiwango cha kipindi kimoja r, na idadi ya vipindi n:

```
Kawaida:    P × (1 + r × n)
Limbikizo:  P × (1 + r)^n
```

Alama ya ^ inaonyesha kipeo: zidisha (1 + r) kwa yenyewe mara n. Kwenye jedwali la kompyuta andika hivi:

```
=100000*(1+0.1*5)
=100000*(1+0.1)^5
```

Ya kwanza itatoa 150000, ya pili 161051. Kama simu yako haina kitufe cha kipeo, zidisha 100,000 kwa 1.1, kisha jibu lake kwa 1.1, hadi mara tano.

Hatua ya 4: Ipasue ile 11,051

Hatua hii wengi huiruka, na hasara yake ni kwamba riba ya limbikizo inabaki kuwa kama mazingaombwe. Riba yote ya miaka mitano ni 61,051. Kati yake, 50,000 ni riba juu ya fedha yako ya mwanzo, sawasawa na kwenye riba ya kawaida. Iliyobaki, 11,051, ni riba iliyozaliwa na riba. Ilitoka wapi hasa?

Chukua 10,000 ya mwaka wa 1. Iliingia kwenye salio mwisho wa mwaka huo, ikabaki na miaka minne ya kufanya kazi. Kila mwaka imezaa 1,000, jumla 4,000. Ile 10,000 ya mwaka wa 2 ilibaki na miaka mitatu, ikazaa 3,000. Ya mwaka wa 3 ikazaa 2,000, ya mwaka wa 4 ikazaa 1,000. Ya mwaka wa 5 haikuzaa kitu, maana iliingia siku muda ulipokwisha. Jumlisha: 4,000 + 3,000 + 2,000 + 1,000 = 10,000.

Bado 1,051. Hiyo ni riba iliyozaliwa na zile 1,000 zenyewe: 1,000 ikishaingia kwenye salio, mwaka unaofuata inazaa 100, na ile 100 inazaa 10, na ile 10 inazaa shilingi 1. Ukihesabu zote, vizazi hivyo vinaleta 1,000, kisha 50, kisha 1.

Hesabu hii inaonyesha jambo ambalo kanuni peke yake inalificha. Kwa muda mfupi, karibu faida yote ya limbikizo hutoka kwenye riba ya miaka ya mwanzo, kwa sababu ndiyo iliyokaa muda mrefu. Ukitoa riba ya mwaka wa 1, unapoteza mengi kuliko ukitoa ile ya mwaka wa 4, ingawa zote mbili zinaonekana ni 10,000. Na vizazi vya chini ni vidogo mno ndani ya miaka mitano, vinahitaji muda. Akaunti hizi mbili zikiachwa miaka 10, ya kawaida itakuwa na 200,000 na ya limbikizo 259,374. Kwa miaka 20, ya kawaida ina 300,000 na ya limbikizo 672,750.

Ukitaka kukisia kwa haraka lini akiba itakuwa mara mbili, gawanya 72 kwa kiwango cha riba ya limbikizo. Kwa asilimia 10 unapata miaka 7.2, na kweli mwisho wa mwaka wa 7 salio ni 194,872. Kwa riba ya kawaida gawanya 100 kwa kiwango: miaka 10.

Hatua ya 5: Angalia riba huingizwa mara ngapi

Kiwango cha mwaka kikibaki asilimia 10, lakini riba ikaingizwa kila mwezi, kila mwezi unapata moja ya kumi na mbili ya asilimia 10, yaani karibu asilimia 0.8333. Kanuni ni ile ile, vipindi ndivyo vimeongezeka:

```
=100000*(1+0.1/12)^60
```

Jibu ni 164,530.89. Ikiingizwa kila miezi sita ni 162,889.46. Kila robo mwaka, 163,861.64. Je, mtu akiingiza kila siku, au kila saa? Haendi mbali. Hata ukigawanya muda vipande vidogo kiasi gani, salio halivuki 164,872.13. Mwanahisabati Jakob Bernoulli aliliona hili mwaka 1683 alipokuwa akilichunguza swali hili hili la riba: idadi ya vipindi inaongezeka bila kikomo, lakini fedha ina dari.

Kwa mtunza akiba, maana yake ni kwamba kutoka riba ya kawaida kwenda limbikizo la mwaka kumeongeza 11,051, na kutoka limbikizo la mwaka kwenda la mwezi kumeongeza 3,480 hivi. Kutoka la mwezi kwenda la kila siku kunaongeza 330 tu kwa miaka mitano. Tangazo linalojivunia riba ya kila siku lisikufanye usahau kuuliza kiwango chenyewe.

Na hapa pana mtego. Maneno “riba huhesabiwa kila siku” hayana maana kwamba riba huingizwa kila siku. Taasisi nyingi huhesabu riba kwa salio la kila siku, zikaiandika pembeni, kisha zikaiingiza kwenye akaunti mara moja kwa mwezi au kwa mwaka. Kuhesabu kila siku kunakusaidia pale unapoweka au kutoa fedha katikati ya mwezi, kwa sababu kila siku inapimwa kwa salio lake. Lakini limbikizo huanza siku riba inapoingizwa. Swali la kuuliza dirishani ni hili: “Riba inaingia kwenye salio langu tarehe gani, na baada ya hapo nayo inahesabiwa riba?”

Hatua ya 6: Linganisha ofa mbili kwa muda wako mwenyewe

Tuseme una ofa mbili za kuweka ile 100,000. Ya kwanza inatoa asilimia 12 kwa riba ya kawaida. Ya pili inatoa asilimia 10 kwa limbikizo la kila mwaka. Ipi bora?

Ukiuliza bila kutaja muda, swali halina jibu. Mwisho wa mwaka wa 3, ofa ya kwanza ina 136,000 na ya pili 133,100. Mwaka wa 4, ya kwanza 148,000, ya pili 146,410. Mwaka wa 5 mambo yanageuka: ya kwanza 160,000, ya pili 161,051. Anayehitaji fedha zake baada ya miaka mitatu achukue riba ya kawaida ya asilimia 12 bila kusita. Anayeweza kungoja miaka kumi akifanya hivyo atabaki na 220,000 badala ya 259,374. Wasemao limbikizo ni bora siku zote hawajapiga hesabu.

Njia ya mkato ya kulinganisha ni kuibadili riba yote ya limbikizo kuwa kiwango cha kawaida kwa muda ule ule. Chukua riba yote, 61,051, igawanye kwa fedha ya mwanzo, kisha kwa miaka 5: unapata asilimia 12.21. Ofa yoyote ya kawaida iliyo chini ya hapo inashindwa kwa miaka mitano. Iliyo juu yake inashinda. Ukibadili muda, rudia hesabu, maana kiwango hicho hupanda kadiri miaka inavyoongezeka. Kwa miaka 10 kinafika asilimia 15.94.

Ukilinganisha ofa mbili ambazo zote ni za limbikizo lakini vipindi vinatofautiana, tafuta kiwango halisi cha mwaka kwa kila moja: fedha iliyoingia mwisho wa mwaka wa kwanza kwa kila 100. Asilimia 9.7 inayoingizwa kila mwezi ni hivi:

```
=(1+0.097/12)^12-1
```

Inatoa 0.1014, yaani asilimia 10.14. Kwa hiyo 9.7 hiyo inaishinda asilimia 10 inayoingizwa mara moja kwa mwaka, ingawa kwenye karatasi inaonekana ndogo.

Hatua ya 7: Toa maelekezo sahihi amana inapoiva

Amana nyingi za muda maalumu huwa za mwaka mmoja, na riba hulipwa mwishoni. Ndani ya mwaka huo hakuna limbikizo. Kama akiba yako ya miaka mitano ni amana tano za mwaka mmoja zinazofuatana, anayeamua aina ya riba ni wewe, kwa kile unachojaza kwenye fomu ya kuhuisha amana.

Ukichagua kuhuisha mtaji peke yake, riba itapelekwa kwenye akaunti yako nyingine, na mwaka unaofuata utaanza tena na 100,000. Umejitengenezea riba ya kawaida. Ukichagua kuhuisha mtaji pamoja na riba, mwaka wa pili unaanza na 110,000, na hiyo ndiyo limbikizo. Kuna pia hali ya katikati: riba inapelekwa kwenye akaunti ya akiba yenye riba ndogo, tuseme asilimia 3 kwa mwaka. Zile 10,000 tano, zikikaa huko bila kuguswa, zinafika 53,091, na jumla yako ni 153,091. Si 150,000, lakini ni mbali na 161,051.

Kosa la kawaida hapa ni kuacha sehemu hiyo ya fomu wazi. Ukiiacha, unafuatwa utaratibu wa taasisi, ambao huenda si ule uliokuwa nao kichwani. Jambo jingine ni kiwango: kuhuisha hakuhakikishi kwamba mwaka ujao utapewa asilimia 10 ile ile. Kiwango kikishuka hadi 8 mwaka wa 3, mstari wa mwaka huo kwenye jedwali unazidishwa kwa 1.08 badala ya 1.10, na kanuni ya kipeo haifai tena moja kwa moja. Ndiyo sababu jedwali la mwaka kwa mwaka linafaa kutunzwa.

Ada nayo ina hesabu yake. Ikikatwa 1,200 mwisho wa kila mwaka kwenye akaunti ya limbikizo, utalipa 6,000 kwa miaka mitano. Lakini salio la mwisho halitakuwa 161,051 kutoa 6,000. Litakuwa 153,724.88, pungufu kwa 7,326.12. Ile 1,326.12 ya ziada ni riba ambayo ada zile zingezaa kama zingebaki kwenye salio. Limbikizo halichagui upande: linakuza kilichobaki na linakuza pengo la kilichoondoka.

Makosa ya hesabu na dalili zake

Kosa kubwa kuliko yote ni kuchanganya kiwango cha mwaka na vipindi vya miezi. Mtu anaandika (1+0.1)^60 badala ya (1+0.1/12)^60, na kikokotoo kinampa zaidi ya milioni 30 kutokana na 100,000. Jibu la aina hiyo linajitangaza lenyewe. Kosa jingine ni kuzidisha 1.1 kwa 5 badala ya kuipandisha kwenye kipeo cha 5: unapata 550,000. Na ukisahau kugawanya asilimia kwa 100, ukaandika (1+10)^5, utapata zaidi ya bilioni 16.

Makosa yanayosumbua ni yale madogo, maana majibu yake yanaonekana ya kweli. Ukikata 0.008333… iwe 0.0083 kwenye hesabu ya miezi 60, jibu linakuwa 164,205 badala ya 164,531. Pungufu ya 326, na hakuna kitakachokushtua. Acha kikokotoo kigawanye 0.1 kwa 12 chenyewe ndani ya kanuni, na ukadirie mwishoni tu.

Kipimo kizuri cha jumla: jibu la limbikizo kwa zaidi ya kipindi kimoja lazima liwe kubwa kuliko la kawaida kwa kiwango kile kile, na kwa miaka michache lisiwe mbali nalo sana. Kokotoa la kawaida kwanza, dakika moja tu, uliweke pembeni. Hesabu yako ya limbikizo ikitoka chini ya hapo, umekosea mahali.

Hatua ya 8: Thibitisha kwenye taarifa ya akaunti

Fomu inaweza kusema lolote; taarifa ya akaunti ndiyo inayoonyesha kinachofanyika. Tafuta miezi miwili inayofuatana ambayo hukuweka wala kutoa fedha, na hakuna ada iliyokatwa. Soma kiasi cha riba kilichoingia kila mwezi.

Wengi huangalia kama riba ya mwezi wa pili ni kubwa kuliko ya kwanza, wakahitimisha. Hapo wanaweza kudanganyika, kwa sababu miezi haina siku sawa. Chukua 100,000 kwa asilimia 10, riba ikihesabiwa kwa siku na kuingizwa mwisho wa mwezi. Januari ina siku 31:

```
100000 × 0.10 × 31 / 365 = 849.32
```

Riba hiyo ikiingia, Februari inaanza na 100,849.32. Ina siku 28:

```
100849.32 × 0.10 × 28 / 365 = 773.64
```

Riba imeshuka kutoka 849.32 hadi 773.64, na bado hii ni limbikizo. Gawanya kila moja kwa siku zake. Januari ni 849.32 ÷ 31 = 27.40 kwa siku. Februari ni 773.64 ÷ 28 = 27.63 kwa siku. Riba ya siku imepanda, kwa hiyo riba ya Januari nayo inazaa. Kama ingekuwa riba ya kawaida, Februari ingeleta 767.12, ambayo ni 27.40 kwa siku, sawa na Januari.

Tofauti ya senti 23 kwa siku ni ndogo, kwa hiyo tumia takwimu zenye senti na usizikadirie. Ukikuta riba ya siku haibadiliki, angalia salio kabla ya kulalamika. Salio likiwa bado ni 100,000 kamili, riba inapelekwa akaunti nyingine, pengine kwa maelekezo uliyotoa mwenyewe siku ya kufungua, na unaweza kuomba ibadilishwe. Salio likiwa limepanda lakini riba ya siku imebaki 27.40, basi riba inaandikwa kwenye salio bila kuhesabiwa riba. Hapo omba uonyeshwe masharti ya akaunti, sehemu inayotaja salio linalotumika kukokotoa riba. Na kama riba ya siku imeshuka, kuna ada uliyoipita bila kuiona, au kiwango kimepunguzwa: zidisha riba ya siku kwa 365, gawanya kwa salio la kuanzia la mwezi huo, na kiwango kinachotumika kitajitokeza.